Kengele za mazoezi ya mgongo kwa Baba: zilie saa ngapi na ziseme nini?

BintiKadutu

Ndugu zangu, habari za leo. Baba yangu ni fundi mwashi hapa Bukavu. Miezi michache iliyopita walikuwa wanapandisha saruji, mifuko ya kilo 50, kwenye jengo lililo mlimani ambako gari halifiki. Mfuko mmoja ulimteleza begani, akajipinda kuudaka, na mgongo ukakamata pale pale. Tangu siku hiyo anaumwa kiunoni, na maumivu yanashuka kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, hadi shavu la mguu. Hospitali walimwambia ni diski ya uti wa mgongo, hakuna mfupa uliovunjika, hahitaji kupasuliwa, aende kwa kine, mtaalamu wa tiba ya mazoezi.

Kine alimwandikia karatasi ya hatua tatu. Ya kwanza ni kulala kifudifudi dakika chache, halafu kuegemea viwiko dakika chache tena. Ya pili, akiwa bado kifudifudi, anasukuma kwa mikono kuinua kifua huku nyonga zikibaki chini, mara 10. Ya tatu ni kunyoosha: magoti kifuani akiwa chali, na misuli ya mbele ya nyonga. Chini ya karatasi ameandika "kila baada ya saa mbili" na "usipande hatua kabla mguu haujatulia". Seansi ni moja kila wiki mbili, kwa sababu ya pesa na ya ile miteremko. Siku nyingine zote Baba anajisimamia.

Shida ni hii. Mdogo wangu alimwekea kengele moja kwenye simu, saa 11 na nusu alfajiri, imeandikwa MAZOEZI. Baba akiisikia anafanya karatasi nzima kwa mkupuo, hatua zote tatu, ili siku ibaki yake. Tena anaongeza kuinama na kugusa vidole vya miguu, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa shuleni. Ikifika saa 4 mguu unawaka, na kutwa nzima anakaa kwenye benchi la duka la jirani. Kine tutamwona tena baada ya siku nyingi. Kengele hizi nizipangeje?

KochaIbanda

Pole sana kwa Mzee. Mimi nafundisha vijana mpira, mambo ya misuli ninayaona kila siku. Akiumwa nyuma ya paja, misuli ya pale imefupika. Kengele ibaki alfajiri wakati mwili umepumzika. Aweke kisigino juu ya kiti, goti limenyooka, ainame mbele sekunde 30 kila mguu. Itauma, lakini avumilie, maana msuli hauachii bila kuvutwa. Na hapo kwenye kengele moja kila siku uko sawa, mazoea ndiyo yanayoponya.

Motari_wa_Goma

Mimi niliumia mgongo kwa barabara za mawe ya volkano, moto yangu, yaani pikipiki, iliruka na miye juu yake. Dada, kengele moja haitoshi, lakini kengele nyingi zenye sauti moja nazo hazisikiki. Kwanza nilikuwa nazima bila hata kuangalia simu. Dawa yake ni kubadilisha sauti. Kama simu ya Mzee inakubali, rekodi sauti ya mtu anayempenda, uiweke iwe ndiyo kengele. Yangu ilikuwa sauti ya mtoto wangu, na huwezi kuizima tu hivi hivi.

MamaKine

Binti, shikamoo kwa Baba. Mimi ni kine, niko Lubumbashi, nimefanya kazi hii muda mrefu. Sijamgusa Baba yako, kwa hiyo sitabadilisha karatasi ya mwenzangu. Na kwa ulivyoieleza, ni karatasi nzuri. Kilichoharibika ni jinsi kengele inavyoisoma.

Kengele yenu inatoa amri: MAZOEZI. Karatasi yenyewe imeanza na swali, ila liko chini kabisa: mguu umetulia au haujatulia? Baba hawezi kujua afanye hatua gani kabla ya kujibu swali hilo, na jibu linaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo iandike kengele hivi: "Maumivu yamefika wapi sasa?" Akijibu shavu la mguu au paja, ni hatua ya kwanza peke yake. Akijibu takoni au kiunoni tu, au hakuna, ni hatua ya pili. Ya tatu msiiguse kwanza.

Jambo moja huwapotosha watu wengi, tafadhali mwelezeni vizuri. Diski inapoacha kubana mshipa wa fahamu, maumivu hurudi juu: yanatoka shavuni, yanabaki pajani, halafu takoni, mwisho kiunoni. Yakiwa yanarudi juu hivyo, kiuno chenyewe kinaweza kuuma zaidi kwa muda. Hiyo ni dalili njema, aendelee. Kinyume chake, zoezi likipunguza maumivu ya kiuno lakini likayasukuma chini kwenye mguu, aache hapo hapo hata kama anajisikia mwepesi. Kwa hiyo swali la "wapi" lina uzito kuliko swali la "kiasi gani".

Njia hii ya kufuatilia maumivu yanaelekea wapi ilitokana na kine mmoja wa New Zealand, Robin McKenzie. Mwaka 1956 mgonjwa wake wa siatiki, maumivu ya kushuka mguuni kama haya ya Baba, alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeinuliwa, hakuna aliyemwagiza alale vile, na alipoinuka mguu ulikuwa umetulia.

Kocha, nakuheshimu, na kwa mchezaji aliyekaza misuli ushauri wako unafaa. Kwa mtu mwenye siatiki, kamba unayoihisi nyuma ya paja mara nyingi ni ule mshipa wa fahamu, na ukiuvuta kwa nguvu unakasirika, hasa kwa kuinama alfajiri. Kuna namna ya kutofautisha. Mtu alale chali, mguu uinuliwe taratibu ukiwa umenyooka mpaka aanze kuhisi mvuto, usimame hapo, kisha avute vidole vya mguu kuelekea usoni. Mvuto ukigeuka mchomo unaoshuka mguuni, ule si msuli. Baba asijipime hivyo nyumbani kila siku, amwachie kine wake.

KochaIbanda

Asante Mama, hilo la vidole sikulijua. Lakini alfajiri bado sielewi kwa nini ni vibaya. Wanariadha wote wanajinyoosha asubuhi.

MamaKine

Usiku tukiwa tumelala, diski zinanyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo, ukiinama mbele, inapata mkazo mkubwa kuliko itakavyopata saa chache baadaye, na sehemu kubwa ya maji yale hutoka katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Mwaka 1998 Snook na wenzake, Marekani, walitangaza matokeo ya watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliofundishwa kutoinama saa za mwanzo za asubuhi. Maumivu yalipungua kwa jambo hilo tu.

Kwa hiyo, Binti, ile kengele ya saa 11 na nusu isizimwe, ila ibadilishwe kazi. Iseme "Usiiname". Halafu uangalie anachofanya saa ile. Anaoga kwa ndoo iliyo sakafuni? Anachota kwa kikombe akiwa amepinda? Weka ndoo juu ya kigoda kirefu. Kunawa uso, beseni likae mezani. Viatu, apandishe mguu kwenye kiti badala ya kuufuata chini. Atembee ndani ya nyumba, anywe chai amesimama. Kengele ya kwanza ya mazoezi ilie saa nzima baada ya kuamka.

Papa_Muhungu

Mama Kine, umeacha jambo ambalo wanaume tunaona aibu kulisema. Choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na asubuhi ndiyo saa yake. Mimi wakati wa mgongo wangu hapo ndipo nilipokuwa nikiumia kuliko mahali popote. Seremala alinitengenezea kiti chenye tundu, kikakaa juu ya shimo. Si ghali, na Mzee ataelewa maana ni fundi.

MamaKine

Papa, asante sana kwa kulitaja. Ni kweli kabisa. Na asijikamue, kusukuma kwa nguvu nako kunaubana mgongo. Ale sombe na matunda, anywe maji.

YayaFurahi

Bandugu samahani, nimesoma yote. Mama yangu naye mugongo unamusumbua, ana miaka 70 na kitu. Akitembea kushuka Nyawera miguu yote miwili inakufa ganzi, lazima akae kwanza, akikaa akainama mbele anapona, njo anaendelea. Nimuwekee na yeye kengele hizi hizi za kulala kifudifudi na kujiinua?

MamaKine

Yaya, hapana, tafadhali usimwekee. Ugonjwa wa Mama huenda ni mwingine. Kwa umri ule, miguu ikifa ganzi akitembea na ikapona akiinama, mara nyingi njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Kujikunja nyuma kunaibana zaidi, na hatua ya pili ya Baba wa Binti inaweza kumzidishia. Mpeleke apimwe kwanza, na mishipa ya damu ya miguu iangaliwe pia, maana nayo inaweza kuleta hali inayofanana.

BintiKadutu

Mama Kine, nakushukuru sana, nimekaa na Baba nikamsomea yote. Hili la maumivu kurudi juu limemfungua macho. Anasema kuna siku alikuwa akilala kifudifudi, mguu ukapoa lakini kiuno kikauma, akadhani anajiharibu, akaacha.

Nimepanga hivi, naomba usahihishe. Alfajiri saa 11 na nusu: "Usiiname". Kisha saa 1 asubuhi, saa 3, saa 5, saa 7, saa 9, saa 11 jioni, na ya mwisho saa 2 usiku. Kwenye simu inasoma 07:00, 09:00 na kuendelea. Zote zinauliza "wapi". Ila kuanzia saa 3 hadi saa 9 yuko dukani kwa jirani na wazee wenzake. Hatalala chini mbele za watu, namjua Baba yangu.

Mwanafunzi_ISTM

Dada, mimi niko mwaka wa pili ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba. Kama hawezi kulala dukani, afadhali afanye zote asubuhi na jioni, mara 30 badala ya mara 10. Hesabu ya siku inabaki karibu ile ile.

MamaKine

Mwanangu, hesabu inabaki karibu ile ile lakini kazi haifanyiki. Mara 10 zile zinatuliza diski kwa muda mfupi tu, kisha benchi linaanza kuikandamiza tena. Saa mbili alizoandika mwenzangu zinafuata kukaa kwa Baba. Afanye mara 30 asubuhi, kisha akae tangu saa 3 hadi saa 9 bila kuinuka, ikifika jioni faida imekwisha, na mikono imechoka bure.

Kwa dukani kuna zoezi la kusimama. Aweke viganja kiunoni, vidole vikitazama chini, magoti yamenyooka, ajikunje nyuma taratibu mara 5 hadi 10, na kila mara arudi wima kabisa. Ataonekana kama mtu anayejinyoosha baada ya kukaa. Lina nguvu ndogo kuliko la kulala, lakini linavunja kule kukaa. Kwa hiyo uwe na kengele za aina mbili, kama alivyosema Motari: za nyumbani kwa sauti moja, za dukani kwa sauti nyingine na simu ikitetemeka. Za dukani ziseme "Simama". Ya saa 5 na saa 7 zinatosha, na kati yake atembee hatua kadhaa. Na kwenye benchi akunje kitenge au sweta akiweke nyuma ya kiuno.

Naongeza jambo ambalo haliwezi kusubiri kengele wala seansi. Akipata ganzi sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila yeye kujua, haja kubwa vilevile, au mguu ukaanza kulegea hadi kandambili inachomoka akitembea, ni hospitali siku ile ile, hata usiku.

Papa_Muhungu

Na umeme je? Huku kwetu unaweza kukatika siku mbili, simu inazima, kengele zote zinakufa. Mimi nilifunga mazoezi yangu kwenye vitu vya siku: baada ya chai, duka likifunguliwa, chakula cha mchana, habari za redio. Sikuhitaji simu.

MamaKine

Papa, ni njia nzuri, na ukishaizoea inadumu kuliko simu. Ila angalia mchana: kati ya chakula na jioni huwa hakuna kitu cha kukumbusha, na ndio muda ambao watu hukaa zaidi. Naona vyote viwili viende pamoja. Simu ndogo ya vitufe chaji yake hukaa siku nyingi, kengele zihamie huko.

BintiKadutu

Nimerudi na habari, baada ya wiki tatu hivi.

Sauti ya kengele za nyumbani ni ya mwanangu: "Babu, maumivu yamefika wapi?" Baba anamjibu kwa sauti, hata mtoto akiwa shuleni. Mimi naandika kwenye daftari neno moja tu, shavu, paja, tako au kiuno, na namba kutoka 0 hadi 10.

Siku za mwanzo ilikuwa "shavu" karibu kila kengele, akabaki hatua ya kwanza. Tulipoondoa kuinama alfajiri na ndoo ikapanda kwenye kigoda, kengele za asubuhi ndizo zilizobadilika kwanza, "shavu" ikawa "paja". Jioni ilichelewa sana kubadilika. Wiki ya pili ilikuwa "tako" mara nyingi, na kiuno kilipanda kutoka 3 hadi 5. Kama usingetueleza, Mama Kine, angeacha. Akaingia hatua ya pili, mara 10, na kiuno kikashuka.

Kisha tukapata msiba Walungu. Saa nyingi ndani ya gari kwenye barabara ile, na kule kukaa kwenye ubao hadi usiku. Kesho yake alipoamka jibu lilikuwa "shavu", namba 6. Alivunjika moyo sana. Nilimwambia kengele imeuliza na yeye amejibu, basi leo ni hatua ya kwanza. Siku mbili alilala kifudifudi na kuegemea viwiko tu, ya tatu ikawa "tako", akarudi kujiinua. Sasa kuna siku anasema "kiuno, 2" kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Anauliza ataingia lini hatua ya tatu. Seansi bado siku kadhaa.

MamaKine

Hongera kwake, na kwako kwa lile daftari. Mpeleke nalo, kine wake atalifurahia kuliko maelezo yoyote.

Kupanda hatua ya tatu aamue kine wake. Nitakueleza tu ninavyofanya mimi. Nataka siku kadhaa mfululizo ambazo kengele zote hazitaji mguu kabisa, kengele ya saa 2 usiku ikiwemo, maana jioni ndiyo inayosema ukweli. Wenzangu wengine wanataka wiki nzima, wengine siku tatu, na sote tunapata wagonjwa wanaopona. Kisha naongeza kitu kimoja tu: magoti kifuani akiwa chali, mara chache, mchana na kamwe si asubuhi, na baada yake anamaliza kwa kujiinua mara 10. Halafu nasubiri asubuhi inayofuata. Namba ikiwa imerudi ilipokuwa jana, kesho anarudia. Ikiwa imepanda na haijashuka, au mguu umetajwa, tunalitoa. Usiongeze vitu viwili siku moja, maana ukiharibika hutajua kipi kimeharibu.

KochaIbanda

Mama, na mkanda wa kiunoni? Mzee akirudi kwenye kazi ya ujenzi bila mkanda si atajiumiza tena? Sokoni vinauzwa.

MamaKine

Hapo Kocha hatutakubaliana sote, hata makine wenyewe wanabishana. Mimi simpi mtu mkanda wa kuvaa kutwa, kwa sababu nimeona watu wanauamini kuliko wanavyoangalia wanavyoinua. Kwa safari kama ile ya Walungu, saa chache, sikatai.

Motari_wa_Goma

Mimi ninao na ninauvaa nikipanda moto, umenisaidia. Kila mtu na mgongo wake.

BintiKadutu

Baba amesoma hapa. Anasema mkanda hautaki, anataka kujua kuhusu saruji. Atabeba lini tena kilo 50?

MamaKine

Mwambie swali hilo alipeleke kwa kine wake kwenye seansi ijayo, kabla ya lile la hatua ya tatu. Karatasi aliyonayo haina hatua ya kubeba, na itabidi iandikwe: ndoo tupu kwanza, kisha nusu ya maji, akiinua kwa magoti, mchana, na kengele ya jioni ikijibu kila siku. Mfuko wa kilo 50 mabegani mlimani, mimi nisingemruhusu kuugusa mwaka huu. Kwa fundi mwenye uzoefu wake, apange tofali na kusimamia vijana, saruji ipandishwe na wawili.

BintiKadutu

Nimemsomea. Amenyamaza, kisha akasema tofali nazo zinapangwa kwa kuinama. Nimeiandika kwenye daftari chini ya maswali ya kine: urefu wa jukwaa, na tofali ziwekwe juu ya nini ili azichukue akiwa wima. Nitaleta majibu tukitoka huko.